Shajara ya ukuta wa udongo, Chanika: pale matone yanaporukia

15 Juni 2024

Masika yamepita na nyuma ya nyumba ya mama pameliwa. Ukuta ule ni wa matofali mabichi ambayo marehemu baba aliyafyatua mwenyewe mwaka 1988. Kuanzia ardhini hadi kama sentimita 35 kwenda juu, ukuta umeingia ndani, na sehemu moja ngumi yangu inazama nzima. Juu ya hapo matofali yako kama siku yalipopangwa. Jirani mmoja anasema udongo ulikuwa mbovu tangu mwanzo. Fundi anasema mchwa. Mwingine analaumu mvua za mwanzo wa Mei, wiki ile ya Kimbunga Hidaya.

Nataka kujenga vyumba viwili vya kuta za udongo wa kushindilia hapa hapa uani, kwa hiyo sishindilii hata tabaka moja kabla sijajua nini kimeula ukuta wa baba.

Leo nimepiga magoti na kuutazama kwa karibu. Kwenye sehemu iliyoliwa kuna vijiwe vidogo, na kila kijiwe kimesimama juu ya kinguzo chake cha udongo, kama uyoga. Tone linapiga udongo wa pembeni na kuuchimba, kijiwe kinaukinga udongo ulio nyuma yake. Hiyo ni alama ya matone yanayoruka kutoka ardhini. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi haufanyi hivyo: wenyewe huonekana pande zote mbili za ukuta, huacha unga mweupe wa chumvi, na hata kiangazi ukuta ukiushika unauona wa baridi. Nimeingia ndani kukagua upande wa pili. Pakavu, na chokaa ya zamani bado imeshika.

Kisha nikazunguka mbele. Matofali ni yale yale, ya mwaka ule ule, lakini ukuta wa mbele hauna hata kovu. Mbele kuna baraza, upana sentimita 60 na kimo 40, na paa limeipita baraza kwa sababu watu wanakaa pale. Nikamuuliza mama kama walishawahi kuukarabati.

“Mbele hatujawahi kuparudia, mwanangu,” akasema. “Hata nyuma palikuwa pazima mpaka tulipotoa makuti.”

Makuti yalitolewa 2009. Nyuma yalikuwa yananing'inia chini sana, mtu mzima anainama kupita. Bati lililowekwa badala yake limetoka nje ya ukuta kwa sentimita 20 tu, na ukingo wake uko mita 2 na nusu juu. Yaani tone lilikuwa linaanguka kutoka karibu na ardhi, mbali na ukuta. Sasa linaanguka kutoka juu kwa kasi, karibu na ukuta. Udongo ni ule ule, kilichobadilika ni paa.

6 Julai

Shimo la choo cha vyumba vipya limefika mita 3, na udongo wake ndio nitakaojengea. Sentimita 40 za juu ni nyeusi, zina mizizi na harufu ya bustani. Hizo nimezitupa kwenye migomba, kwa sababu udongo wenye mboji haushiki simenti na huendelea kuoza ndani ya ukuta. Chini yake kuna udongo mwekundu wa kichanga hadi kama mita moja na nusu. Kutoka hapo kwenda chini unazidi kunata.

Nimepima kila mmoja kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu. Unajaza udongo uliochekechwa mpaka theluthi, unaongeza maji mpaka karibu na shingo, kijiko cha chumvi, unatikisa kwa nguvu na kuiweka mahali isipoguswa. Mchanga unakaa chini ndani ya dakika moja hivi, vumbi laini linafuata polepole, na mfinyanzi unaelea hata siku nzima kabla maji hayajawa meupe.

Udongo wa juu umetoa sentimita 10 za mchanga, moja ya vumbi na moja ya mfinyanzi. Ukijengea huo peke yake unabomoka mkononi. Wa chini umetoa mchanga 6 na nusu, vumbi 2 na mfinyanzi 3 na nusu. Huo unashika vizuri sana lakini utapasuka ukikauka. Nikichanganya ndoo kwa ndoo, mfinyanzi unakuwa kama asilimia 19, na kwa ukuta wa kushindilia hapo ndipo ninapopataka. Chupa huongeza kidogo hesabu ya mfinyanzi, maana ukiwa ndani ya maji unakuwa umevimba, kwa hiyo siitegemei peke yake.

20 Julai

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha boksi. Seremala amenitengenezea boksi la mbao lenye urefu wa ndani sentimita 60, upana 4 na kina 4. Unalipaka mafuta, unajaza udongo uliolowa vizuri, unaubonyeza hadi kwenye pembe na kuusawazisha, kisha unaliweka kivulini wiki nzima. Ukikauka unausukuma wote upande mmoja na kupima pengo lililobaki.

Udongo wa chini peke yake ulijikunja milimita 38. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, milimita 14. Hesabu inayotumika kwenye kazi hii ni kwamba pengo likiwa chini ya milimita 15, unachanganya sehemu 1 ya simenti kwa 18 za udongo. Likiwa kati ya 15 na 30 unakwenda 1 kwa 16, kati ya 30 na 45 ni 1 kwa 14, na kutoka hapo hadi 60 ni 1 kwa 12. Kwa hiyo kuchanganya udongo wangu wawili kumeniokolea simenti kabla sijanunua mfuko. Ningekuwa na udongo wa chini peke yake, wenye mfinyanzi mwingi hivyo, ningefikiria chokaa badala ya simenti, kwa sababu chokaa hufanya kazi na mfinyanzi wenyewe, simenti hupenda mchanga.

Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35. Kwa 1 kwa 18 unakula lita 630 za udongo, yaani ndoo kubwa 31 na nusu. Nimeamua sentimita 60 za chini za ukuta ziende 1 kwa 12, ambayo ni ndoo 21 kwa mfuko, kwa sababu ya nilichokiona nyuma kwa mama.

10 Agosti

Vipande vya majaribio vilishindiliwa ndani ya bomba la plastiki la inchi 4 wiki tatu zilizopita. Kimoja hakina simenti, kimoja ni 1 kwa 18, kimoja 1 kwa 12. Jana asubuhi nilivizamisha kwenye beseni. Kisicho na simenti kilianza kutoa mapovu mara moja, pembe zikalainika, na kabla sijamaliza chai kilikuwa rundo la tope. Vile viwili vingine nimevitoa leo, maji safi. Cha 1 kwa 18 kinaacha punje chache ukikikwangua na ukucha. Cha 1 kwa 12 hakiachi kitu.

Fundi alikishika kile cha mwisho akakipima kwa mkono. “Dada, hiki si tuweke ukuta mzima tu, tusahau habari ya matone?” Nilitamani kukubali. Lakini ukuta mzima kwa 1 kwa 12 ungeongeza simenti ya sehemu ya juu kwa nusu nzima, na bado tone lingekuwa linapiga mahali pale pale miaka 30.

31 Agosti

Msingi umekamilika. Tumepandisha kozi tatu za tofali za simenti za kulaza juu ya usawa wa ardhi, sentimita 48 pamoja na mota. Juu yake kuna nailoni nzito kuzuia unyevu usipande. Tofali la kulaza lina upana wa sentimita 23 na ukuta wa udongo ni 30, kwa hiyo ukuta unauzidi msingi kwa sentimita 3 na nusu kila upande. Msingi ukipigwa plasta bado ukuta utabaki umetokeza kidogo.

Hili nililisimamia sana. Nyumba nyingi msingi ndio unaotokeza, unaacha kidaraja kidogo chini ya ukuta. Maji yanayoteremka ukutani yanatua pale na kukaa, na udongo unakunywa kutoka kwenye kidaraja hicho hata kama msingi ni mzuri kiasi gani.

14 Septemba

Tumeanza kushindilia. Boksi letu ni la marini bodi lenye urefu wa mita 1.8 na kimo sentimita 60, limekazwa kwa mirunda na nondo za kupitisha. Tabaka moja ni ndoo nne za udongo, sentimita 15 likiwa bado halijapigwa, na likishindiliwa linabaki 10. Matabaka sita yanajaza boksi. Mchi ni wa kilo 7, bamba la chuma lililochomelewa kwenye bomba. Ukianza kupiga sauti ni ya kufa, kama unapiga gunia. Udongo ukishafungana sauti inakuwa ya wazi na mchi unaruka mkononi, hapo unaacha. Kuendelea kupiga ni kuchosha vijana bure.

Maji tunayapima kwa kudondosha. Unafinyanga donge kama chungwa, unalidondosha kutoka usawa wa bega kwenye sakafu ngumu. Likivunjika vipande vinne vitano, sawa. Likitawanyika kama mchanga, ongeza maji kidogo. Likibaki bonge lililobonyea, umezidisha, na udongo huo utauona unacheza chini ya mchi badala ya kukaza.

Kosa la leo ni langu. Nilikubali mfuko mzima uchanganywe mara moja ili vijana wasisimamesimame. Kufika tabaka la tano zilikuwa zimepita saa mbili na zaidi, jua la saa saba likiwa kichwani. Simenti ilikuwa imeshaanza kushika ndani ya rundo kabla ya kupigwa. Ikishashika hivyo, mchi unavunja kile kilichoungana, na ukiongeza maji hairudi. Boksi lilipofunguliwa matabaka mawili ya juu yalikwanguka kwa ukucha kama biskuti, wakati kwenye yale ya chini ukucha ulikuwa unateleza. Tumeyakata yote mawili na kuyatupa.

Sasa tunachanganya ya matabaka mawili tu. Ndoo nane za udongo, yaani lita 160, na simenti lita 13 kwa sehemu ya chini au 9 kwa sehemu ya juu. Nimeweka alama mbili kwa rangi nyekundu kwenye ndoo ndogo ili mtu asikisie. Vikavu vinachanganywa kwanza mpaka usione mstari wa kijivu popote, ndipo maji yanyunyizwe. Rundo likitimiza saa moja bila kuisha, lililobaki linakwenda kujaza sakafu.

28 Septemba

Vyumba vipya vinaendelea vizuri, kila kipande kinafunikwa nailoni na kumwagiliwa siku saba. Wiki hii tumerudi kwa ukuta wa mama.

Fundi alitaka tuujaze na kupiga plasta ya simenti nyuma yote. Nilikataa. Plasta ngumu juu ya udongo laini hupata nyufa, maji huingia kwenye ufa lakini hayatoki kwa urahisi, na udongo ulio nyuma unageuka tope bila mtu kuona. Siku moja plasta inaanguka kama sahani na kuacha pango. Nimeziona nyumba za hivyo mtaani kwetu, wenyewe wakisema udongo ndio uliowaangusha.

Tulichofanya ni kufyatua matofali mabichi kwa udongo unaofanana na wa baba, tukayakausha wiki tatu, kisha tukakata sehemu iliyoliwa hadi kwenye udongo mzima. Tulikwenda vipande vya sentimita 60, tukiruka kimoja kila mara, ili ukuta usibaki umening'inia. Udongo wa zamani ulinyunyiziwa maji kabla ya kupokea mota, la sivyo unainyonya mota maji yake na haviungani. Mota ni ya udongo ule ule. Juu tumesiriba udongo uliochanganywa na mchanga, kisha chokaa.

Mama alikaa kwenye kigoda anatutazama siku nzima. Jioni akasema, “Sasa mbona hamniwekei baraza na huku? Si ndiyo iliyolinda mbele?” Nilikuwa nimepanga mfereji na vitu vingine. Baraza ni bora. Inafunika sehemu ya chini ya ukuta, inasogeza mruko wa tone mbali nao, na mama anapata pa kukalia kivulini asubuhi. Tunaijenga ya upana wa sentimita 60, mgongo wake umeinamia nje, na bati linaongezwa hadi kuipita kwa sentimita 20.

16 Novemba

Nilikuwa nasubiri mvua nzito ya vuli na jana usiku imekuja.

Bati la vyumba vipya limetoka nje sentimita 80. Swali lililobaki ni nini kiwe chini ya mchirizi, pale matone ya paa yanapotua. Fundi anapendelea sakafu ya simenti kuzunguka nyumba, ni safi na haina tope. Mimi nilitaka kuona. Nilisimamisha vibao vitatu vya mita moja, nikavipaka chokaa, kisha nikavinyunyizia vumbi la mkaa ili hata tone la maji safi liache alama. Kila kibao kilikaa sentimita 20 nyuma ya mchirizi: kimoja kwenye ardhi tupu, kimoja nyuma ya kipande cha sakafu ya simenti, kimoja nyuma ya kokoto za inchi moja zilizomwagwa kina cha sentimita 15.

Asubuhi nimepima. Ardhi tupu, madoa yamefika sentimita 52, na chini ya 30 kibao chote kilikuwa chekundu. Sakafu ya simenti, hakuna tope, lakini alama zimefika 61. Kokoto, 24.

Fundi alirudia kupima cha simenti mwenyewe. Tone likipiga sakafu ngumu yenye utando wa maji halina pa kuingia, linapasuka na kuruka. Kwenye kokoto linatua kwenye pande zilizoinama na kuzama kwenye mianya. Sakafu ya simenti inafaa mahali pa kupita, ila iwe nje ya mchirizi.

Basi tumechimba mfereji wa upana wa sentimita 60, kina 20, mchirizi ukiwa katikati. Chini yake umeinamia nje na kuishia kwenye shimo la maji ya mvua upande wa bondeni. Kokoto zimejazwa hadi juu.

12 Aprili 2025

Wiki za mwanzo za masika. Nimepita kila upande baada ya kila mvua na tochi. Msingi una madoa hadi sentimita 25, ukuta wa udongo wenyewe haujaguswa. Nyuma kwa mama, baraza imelowa, ukuta mkavu. Chokaa ya sehemu tuliyoikarabati haina ufa.

17 Mei

Kona ya upande wa kusi ina madoa hadi sentimita 51, yaani 3 juu ya msingi, kwenye udongo. Nimekwangua: haukwanguki, maana ni ule wa 1 kwa 12, limebaki doa tu. Lakini madoa hayakutakiwa kufika pale. Upepo wa kusi unasukuma matone kuelekea ukutani, hilo nililitarajia, na ndiyo sababu upande ule mfereji tumeufikisha hadi kwenye msingi. Halikutosha kuelezea tofauti yote.

Nikaingiza mkono kwenye kokoto. Upande wa mashariki vidole vinazama hadi kwenye kifundo. Kwenye kona ile vinagonga mchanga mara moja. Mianya imejaa, na kokoto zilizojaa mchanga ni ardhi tupu yenye mawe juu yake.

Mchanga umetoka uani. Kila alfajiri mama anafagia uwanja wote, na fagio linaishia kwenye kona ile. Sikumwambia kitu kuhusu kufagia. Uwanja ni wake na amekuwa akiufagia kabla sijazaliwa. Leo tumetoa kokoto za mita mbili za kona, tukazichekecha na kuziosha kwenye toroli, tukazirudisha. Kandokando ya mfereji tumepanga nusu za tofali zilizobaki, zimesimama sentimita 10 juu ya ardhi, ili fagio ligonge hapo. Ndoo tatu za mchanga zimetoka. Nitaingiza mkono tena mwisho wa vuli.